Mteja Ameingia Mitini na Drafti Zako? Hivi Ndivyo Utadai Balansi Bila Kuanza Vita

Umetuma drafti za mwisho Jumanne. Tiki za buluu zikaingia ndani ya dakika tatu, mteja akaangusha emoji ya moto na neno moja tu: "Kali!" Tangu hapo ni kimya. Jumatano kimya, Ijumaa kimya, wikendi unamwona kwa stetas akichoma nyama Kitengela. Ukipiga, simu inaita mpaka inachoka. Balansi ni elfu ishirini na tano, na mwenye nyumba wako naye hajawahi kuingia mitini hata mwezi mmoja.

Wasee wa kuchora logo, kuandika, kuedit video na kujenga tovuti wote wanaijua hii hali. Dipoziti iliingia bila stori, kazi ikaenda poa, na shida ikaanza pale pale mwishoni, wakati umeshatoa jasho lote na bado hujashika doh yote.

Wacha tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme wewe ni dizaina hapa Nairobi. Kuna mama anatengeneza siagi ya njugu, anauza kwa majirani na kwa maduka mawili matatu, sasa anataka kuingia supamaketi. Mmekubaliana umchoree lebo tatu, ya gramu 250, ya gramu 500 na ya kilo moja, kwa shilingi 45,000. Alituma 20,000 kwa M-Pesa ndiyo uanze. Zile 25,000 mkasema "ukimaliza". Yote mliyabonga kwa WhatsApp, hakuna karatasi iliyosainiwa. Drafti za mwisho umetuma tarehe 4.

Hilo neno "ukimaliza" ndilo limekuletea ngori, na hapo ndipo tuanzie.

Saa yako na saa yake

Kwako wewe, kazi iliisha ile siku ulituma drafti. Kwa mama wa njugu, kazi itaisha ile siku lebo itakuwa imebandikwa kwa chupa. Katikati ya hizo siku mbili kuna safari ndefu ambayo wewe huioni. Bidhaa ya chakula ikienda supamaketi inahitaji alama ya ubora ya KEBS, ile ambayo chini yake huwa na namba ya kibali. Inahitaji pia namba ya mistari ya kuskeni, ambayo kwa zile zinazotolewa hapa Kenya huanza na 616. Kama kibali cha KEBS hakijatoka, huyo mama hawezi kuprinti lebo elfu tano, kwa sababu akiprinti bila namba atazitupa. Kwa hivyo ameziangalia drafti zako, amezipenda, amefunga simu akaendelea kungoja KEBS. Kwa akili yake hajakuhepa. Anaona bado mko kazini.

Sisemi wote ni malaika. Kuna wale wanangoja uchoke. Kuna wale walitumia pesa ya balansi kulipa fees na sasa wanaona aibu kushika simu yako. Kuna wale mpwa wao alisema "hii rangi si poa" na hawajui watakuambiaje. Lakini angalia: kwa nje, hawa wote wanafanana. Wote ni tiki za buluu bila jibu. Ukimrukia yule wa KEBS kama unavyomrukia yule mjanja, umepoteza mteja ambaye angekulipa. Na ukimbembeleza mjanja kama unavyombembeleza yule wa KEBS, atakuzungusha mpaka Krismasi.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kumfanya atoe sauti, yoyote ile. Ukishasikia sababu, utajua njia.

Kabla uandike chochote, angalia ulituma nini

Fungua ile barua pepe au ile chati uone ni faili gani hasa ziliondoka kwako. Hapa ndipo unajua kama bado una kitu cha kushikilia.

Kama ulituma picha ya kuangalia tu, uko sawa. Namaanisha PDF au JPG nyepesi, ya 72 dpi, rangi za skrini, jina lako limepita katikati. Kwa simu inaonekana smati kabisa. Lakini akiipeleka River Road, fundi wa printa ataivuta hadi saizi ya lebo na maandishi yatatoka na ukungu. Printa anataka faili ya 300 dpi, rangi za CMYK, maandishi yaliyogeuzwa kuwa michoro ili fonti isibadilike, na milimita 3 za ziada kila upande za kisu kupitia. Bila hizo atamrudisha mama kwako. Huo ndio mlango wako.

Kama ulituma faili kamili ya kuprinti, au mbaya zaidi ile ya Illustrator yenyewe, mlango umefunguka na kuku wametoka. Deni bado lipo, hakuna mtu amelifuta, lakini sasa unadai kwa mdomo na kwa sheria peke yake. Hiyo hubadilisha lugha utakayotumia. Huwezi kusema "nitatuma ukilipa" wakati umeshatuma.

Na hapa kuna kitu dizaina wengi wamekiweka kichwani vibaya. Wanasema, "Mpaka alipe, hiyo logo ni yangu kisheria, akiitumia nitamshtaki kwa hakimiliki." Kwa Kenya haiko rahisi hivyo. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa nyinyi wawili mmekubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, sheria inaegemea upande wa mteja. Wenye wanasoma makala za Marekani wanachanganyikiwa hapo, kwa sababu kule mambo ni tofauti. Kama kwenye makubaliano yenu, hata kwa WhatsApp, hukuandika kwamba haki zinabaki kwako mpaka balansi iingie, usitishe mtu na hakimiliki. Dai deni. Deni liko wazi na halina utata.

Kwa ile kazi inayofuata, sentensi moja kabla ya dipoziti inatosha: "Haki za michoro zitahamia kwako siku malipo yote yatakapokamilika." Akijibu "sawa", umeshajikinga.

Meseji ya kwanza: uliza swali moja la kazi

Wasee wengi huanza na "Hi, nimekuja kukukumbusha kuhusu balansi". Baada ya siku mbili wanarudi na "Hi tena". Hizo meseji ni rahisi kuzipita, kwa sababu haziulizi kitu na hazina siku. Msomaji anasema atajibu jioni, na jioni haifiki.

Ngoja siku tatu au nne za kazi baada ya kutuma drafti, kisha tuma kitu kama hiki:

"Habari ya asubuhi, Madam. Drafti za mwisho za lebo tatu nilikutumia Jumanne tarehe 4. Nauliza moja tu: kuna kitu cha kubadilisha, au ziko sawa kwenda printa? Mabadiliko ukiniambia kufikia Jumatatu yako ndani ya bei yetu. Faili za printa ziko tayari, nitazituma siku ile ile balansi ya 25,000 itaingia."

Ona inafanya nini. Imetaja kazi na tarehe, kwa hivyo hata akiifungua mwezi ujao hawezi kusema hakujua ni ipi. Imeuliza swali ambalo jibu lake ni neno moja. Kama tatizo ni rangi, umemfungulia mlango wa kusema bila aibu. Kama tatizo ni pesa, umemwonyesha kuna kitu anakosa hadi alipe. Na ni heshima tupu, hakuna mahali umemkanyaga.

Iandike asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, siku ya kazi. Usiku wa Ijumaa watu huwa na mambo yao.

Tuseme mama anajibu: "Pole sana mwanangu, nangoja KEBS, ikitoka tutamalizana." Hapa wengi wanasema "sawa" na wanajifunga. Umekubali sasa kwamba pesa yako inategemea ofisi ambayo hujawahi hata kuingia. Jibu hivi badala yake: "Asante kwa kuniambia, Madam. Namba ya kibali ikija nitaiweka bila malipo yoyote, hata kama ni baada ya miezi mitatu, ni kazi ya dakika kumi. Michoro yenyewe imekamilika, kwa hivyo naomba tufunge hesabu mwisho wa wiki hii. Au unaweza kugawa, 15,000 sasa na 10,000 tarehe 30."

Umetenganisha vitu viwili alivyokuwa amevifunga pamoja. KEBS ni yake, michoro ni yako. Na umempa njia ya kulipa polepole kabla yeye hajaomba, na wewe ndiye umepanga tarehe. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na ndiyo watu wanaruka, kwa sababu wakishasikia sababu ya kweli wanaona aibu kuendelea kudai.

Kama mteja ni kampuni, huenda tatizo ni karatasi

Tukitoka kwa mama wa njugu kidogo, kuna kimya kingine ambacho hakina uhusiano na roho mbaya. Ukifanyia kampuni kazi, yule mliyekuwa mnabonga naye ni mtu wa masoko. Anayelipa ni mhasibu ambaye hujawahi kumwona. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliki kupunguza kodi ya hiyo kampuni pale KRA, labda iwe kati ya vitu vichache vilivyosamehewa. Sasa wewe umetuma ankara uliyochora vizuri kwa Canva. Mhasibu ameiweka kando, na yule wa masoko hajui akuambieje, basi anakunyamazia.

Uliza moja kwa moja: "Kuna karatasi yoyote uhasibu wanangoja kutoka kwangu, kama invoisi ya eTIMS au namba ya oda?" Mara nyingi jibu linakuja siku hiyo hiyo. Na pesa ikiingia ikiwa pungufu kwa asilimia 5, usiwake kwanza. Kwa kazi za kitaalamu kampuni hukata hiyo kodi na kuipeleka KRA kwa PIN yako. Omba cheti chake, kitakusaidia ukifanya ritani zako.

Akikaushia meseji ya kwanza

Turudi kwa njugu. Jumatatu imepita, hakuna jibu. Sasa piga simu, mara moja asubuhi na mara moja jioni, basi. Usipige mara kumi na saba, hiyo itatumika dhidi yako baadaye. Kama hashiki, tuma meseji ya pili siku hiyo hiyo, kwa WhatsApp na kwa SMS ya kawaida au barua pepe. Sababu ya kutumia njia mbili ni kwamba WhatsApp anaweza kusema simu iliharibika. SMS na barua pepe pamoja zinafunga hilo dirisha.

"Habari Madam. Nimejaribu kukupata leo asubuhi na jioni. Sijapata mabadiliko yoyote kuhusu drafti za tarehe 4, kwa hivyo nahesabu zimekubaliwa. Balansi ni 25,000. Naomba ilipwe kufikia Ijumaa tarehe 21, saa kumi na moja jioni. Kama kuna shida, niambie kabla ya hapo tupange."

Hiyo sentensi ya "nahesabu zimekubaliwa" haina nguvu za ajabu. Mtu kunyamaza peke yake si kukubali, labda mlikuwa mmeelewana hivyo tangu mwanzo. Lakini inamlazimisha kuongea kama ana lalamiko. Akikaa wiki sita kisha aje na "kwani hata sikuipenda kazi", una rekodi inayoonyesha alipewa nafasi mara mbili na akasema "Kali!".

Kinachothibitisha kukubali zaidi ya maneno yote ni yeye kuitumia kazi. Kwa hivyo fungua macho. Pita kwa ukurasa wake wa Facebook na Instagram, pitia yale maduka anayouza. Ukiona chupa yenye lebo yako, nunua moja, weka risiti, piga picha ya rafu, na piga skrinishoti ya posti pamoja na tarehe yake. Usikomenti. Usimpigie fundi wa printa kelele. Kusanya tu kimya kimya. Mtu aliyebandika lebo yako kwa chupa anayouza hawezi kusema kazi haikufika.

Usiyafanye haya, hata ukiwa na hasira ya kuchemsha maji

Twitter ina utamu wake. Unaposti picha yake, unaandika "huyu ni mwizi", wasee wanaretwiti, na kufikia jioni amekupigia. Imewahi kufanya kazi kwa watu, sitadanganya. Lakini deni halimfanyi mtu kuwa mwizi kisheria. Ukimwita mwizi au tapeli hadharani umemshutumu kwa kosa la jinai, na sasa yeye ndiye mwenye kesi, ya kuharibiwa jina. Ukiongeza namba yake ya simu na mahali anakaa, umejiingiza pia kwenye Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Deni la elfu ishirini na tano linaweza kugeuka kuwa mawakili wa pande mbili, na yako ndiyo mfuko utakaotoboka.

Wajenzi wa tovuti wana mtego wao. Bado wana paswadi za mteja, na usiku wa manane wanaingia wanaizima tovuti au wanabandika maneno "mwenye hii tovuti hajalipa". Kama tovuti bado iko kwenye seva yako, mliyokubaliana ni ya majaribio, hiyo ni nyumba yako. Lakini kama imehamia kwake, kuingia bila ruhusa kunaangukia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Uliyekuwa unadai sasa unatafuta mtu wa kukulipia bondi.

Na polisi? Balansi ni madai ya kimkataba. Kituoni watakuambia uende kortini, na wakijitolea kumshika ili alipe, ujue hiyo njia si ya kisheria na inaweza kukugeukia.

Barua ya kudai

Tarehe 21 imepita. Sasa unaandika barua ya kudai, ukurasa mmoja. Huhitaji wakili kuiandika. Inataja mlikubaliana nini na lini, alilipa kiasi gani na namba ya muamala wa M-Pesa ni ipi, ulikabidhi nini na lini, anadaiwa kiasi gani, na ana siku ngapi. Desturi ni siku 7 au 14. Sentensi ya mwisho inasema siku hizo zikipita utafungua kesi kwenye Mahakama ya Madai Madogo bila kumjulisha tena. Basi. Usiongeze riba ambayo hamkukubaliana, wala "fidia ya kunipotezea wakati" ya elfu hamsini. Barua yenye hesabu safi inaogopesha kuliko yenye matusi.

Lakini kabla ya kuandika jina juu ya barua, hakikisha ni jina la nani. Hapa kesi nyingi huchuja. Wewe unamjua kama "Mama Njugu", na chupa ina jina la biashara. Jina la biashara si mtu, nyuma yake kuna mwenyewe, na huyo ndiye unayemdai. Ile meseji ya M-Pesa ya dipoziti inakuonyesha jina lililosajiliwa kwa simu iliyotuma pesa, kwa hivyo usiifute kamwe. Kama jina la kwa ankara linaishia na "Limited", hiyo ni kampuni, na kampuni ndiyo inadaiwa, si yule dada wa masoko. Kupitia eCitizen, kwa huduma za usajili wa biashara, unaweza kulipia upekuzi uone biashara imesajiliwa na nani. Kwa kampuni ile karatasi inaitwa CR12, na inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa.

Wengi hulipa hapa. Barua yenye jina lao kamili, tarehe sahihi na namba ya muamala inawaonyesha kwamba wewe si yule kijana wa "Hi tena".

Mahakama ya Madai Madogo iko kwa watu kama wewe

Akikaa ngumu, kuna korti iliyotengenezwa kwa pesa za saizi hii. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa na sheria ya mwaka 2016, ikaanza kusikiza kesi 2021 pale Milimani, na sasa iko katika miji mingi. Inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mkataba wa kutoa huduma ni mojawapo ya kesi zake. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Kwa uhalisia kuna zinazochelewa, hasa mtu akisumbua kupatikana ili apewe karatasi, lakini si ile korti ya kuzeekea.

Kesi inafunguliwa kwa mtandao, efiling.court.go.ke, na kuna ada ya kulipa. Unaeleza madai yako kwa fomu na unaambatisha ushahidi. Hiyo chati ya WhatsApp usiipige skrinishoti vipande vipande, mtu atasema umeruka yale yanayokuumiza. Tumia ile njia ya WhatsApp ya kutoa chati yote kama faili, kisha uiprinti ikiwa na tarehe. Ushahidi wa kielektroniki chini ya Sheria ya Ushahidi huambatanishwa na cheti, karatasi fupi unayosaini ukieleza zilitoka kwa simu gani na zilitolewaje. Hii korti haibani sana na kanuni za ushahidi, lakini kuwa nacho kunamziba mdomo yule wa upande wa pili. Kwa kesi ya njugu, furushi lako ni dogo: chati ya kukubaliana bei, muamala wa 20,000, barua pepe ya tarehe 4 yenye drafti, lile neno "Kali!", meseji zako mbili, barua ya kudai, na picha ya chupa kwa rafu kama uliipata.

Usidhani mkataba wa WhatsApp ni wa kuchezewa. Makubaliano ya kazi kama hii hayahitaji karatasi yenye stempu ili yawe na nguvu, kinachohitajika ni kuonyesha mlikubaliana. Na huna haja ya kukimbia kesho. Deni la mkataba linaweza kudaiwa kortini ndani ya miaka sita.

Ila kuna ukweli mmoja mchungu. Kushinda na kulipwa ni vitu viwili. Ukipewa hukumu na mtu bado akatae, utahitaji kurudi kuomba itekelezwe, na dalali wa mahakama naye ana gharama zake. Kama huyo mtu hana biashara inayoonekana wala mali, piga hesabu kama 25,000 inakufaa huo usumbufu. Kwa mtu mwenye chupa zake supamaketi, inafaa. Kwa mtu aliyefunga duka akahama mji, mimi ningeandika hasara nikaendelea.

Akirudi katikati ya hayo yote

Mara nyingi hafiki kortini. Siku ya kumi ya barua ya kudai, simu inaita: "Mwanangu, kwani tumefika huko? Nilikuwa na mgonjwa." Usimkumbushe kimya chake. Mwambie pole, na uulize analipa lini.

Akisema ana nusu tu, kubali, lakini gawa kazi sawa na pesa. Lebo ziko tatu. Akituma 10,000, mpe faili ya printa ya gramu 250, ambayo ndiyo anauza zaidi. 15,000 zilizobaki zikiingia, mpe ya gramu 500 na ya kilo moja. Andika mpango huo kwa meseji na asubiri kujibu "sawa" kabla ya kutuma chochote. Akiomba umpunguzie, hiyo ni juu yako, lakini punguzo liwe na saa: "Ukilipa 22,000 leo kabla ya saa kumi na mbili tumemalizana. Kesho ni 25,000." Na pesa zikiingia zote, tuma faili dakika hiyo hiyo pamoja na risiti, kwa sababu kibali cha KEBS kikitoka atamhitaji mtu wa kuweka ile namba.